Barua kwa Klabu Wanachama: Mfumo Mpya wa Pointi na Kanuni ya Timu Zinazolingana

Kumb. Na. LW/K/03/2026
Tanga, 9 Februari 2026

Kwa makatibu na walimu wa klabu zote nane za Ligi ya Mpira wa Wavu, Wanaume

YAH: MFUMO MPYA WA POINTI NA NAMNA YA KUTENGANISHA TIMU ZINAZOLINGANA

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano Mkuu wa tarehe 31 Januari ulipitisha mabadiliko haya kwa kura sita dhidi ya mbili. Tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Kila anayepiga ana hesabu yake, na nyingine sijui zimetoka wapi. Nimeona niandike mara moja, kwa kirefu, ili barua hii ndiyo iwe ya kurejewa msimu utakapoanza Jumamosi tarehe 28 Machi, baada ya Idi.

Kwanza tuelewane maneno. Humu nikisema "alama" ni zile za ndani ya seti, zinazofika 25, au 15 kwenye seti ya tano. Nikisema "pointi" ni zile za kwenye msimamo wa ligi. Nusu ya ubishi wa mkutanoni ulitokana na watu kuchanganya hivi viwili.

Mpaka msimu uliopita mshindi alipata pointi 2, aliyefungwa 1, na asiyefika uwanjani 0. Yaani timu iliyofungwa 3-0 na kurudi nyumbani mapema ilivuna sawasawa na ile iliyopigana seti tano mpaka jua likazama. Sasa itakuwa hivi: ukishinda 3-0 au 3-1 unapata pointi 3 na mpinzani hapati kitu. Ukishinda 3-2 unapata 2, na mpinzani wako anaondoka na 1. Kila mechi inagawa pointi 3, hazizidi wala hazipungui. Kwa ligi yetu ya mechi 56, jumla ya pointi za timu zote mwishoni lazima iwe 168. Ikiwa tofauti, mtu kakosea, na huenda ni mimi.

Nije kwenye jambo linalowasumbua wengi: kutenganisha timu zinazolingana.

Mnakumbuka kilichotokea mwaka jana. Timu mbili, sina haja ya kuzitaja, zilimaliza na pointi 25 kila moja, ushindi 11 na vipigo vitatu. Moja ilikuwa imeshinda seti 33 na kupoteza 15. Nyingine ilishinda 36 na kupoteza 17. Ukitoa, ya pili iko mbele: 19 dhidi ya 18. Ukigawanya, ya kwanza iko mbele: 2.200 dhidi ya 2.118. Kanuni yetu ya zamani ilisema tu "uwiano bora wa seti", na kila upande ukasoma ulivyotaka. Tulikaa wiki tatu bila bingwa, kombe likiwa kabatini kwangu.

Kuanzia sasa mpangilio ni huu, na unafuatwa kwa zamu bila kuruka. Tunaangalia idadi ya mechi ulizoshinda. Zikilingana, pointi. Zikilingana tena, seti ulizoshinda GAWANYA kwa seti ulizopoteza, mpaka desimali tatu. Kisha alama ulizofunga gawanya kwa ulizofungwa, vilevile. Zikiwa bado sawa, anayetangulia ni aliyeshinda mechi ya mwisho kati ya wawili hao. Timu tatu au zaidi zikifika hapo zikiwa sawa, tutatengeneza msimamo mdogo wa mechi walizocheza wao kwa wao tu. Timu isiyopoteza seti hata moja haigawanyiki kwa sifuri, hivyo inahesabiwa kuwa na uwiano wa juu kuliko wote. (Mwalimu mmoja aliuliza hili kwa utani. Nimeliandika hata hivyo.)

Tukirudisha zile timu mbili kwenye mfumo mpya, shida inaisha kabla hatujafika kwenye seti. Ya kwanza ilishinda mechi zake zote 11 kwa 3-0 au 3-1 na vipigo vyake vitatu vyote vilikuwa 3-0: pointi 33. Ya pili ilishinda mbili kwa 3-2, na kipigo chake kimoja kilikuwa cha 3-2: 27 na 4 na 1, jumla 32.

Mmeona kwamba ushindi umetangulia pointi. Hapa ndipo kura mbili za hapana zilipotoka, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kama ushindi unatangulia, pointi za nini? Chukueni timu yenye ushindi 10, minne kati yake ya 3-2, na vipigo vinne bila kuambulia kitu. Ina pointi 26. Nyingine ina ushindi 9, yote ya pointi tatu, na katika vipigo vyake vitano, vitatu ni vya 3-2. Ina pointi 30. Yenye 26 ndiyo itakaa juu. Najua itawaudhi mashabiki wanaosoma safu ya mwisho tu ya msimamo, kwa hiyo nimeihamishia safu ya ushindi mbele kabisa kwenye karatasi tutakayobandika. Kamati iliona kazi ya kwanza ya timu ni kushinda mechi, na hivi ndivyo Shirikisho la Kimataifa, FIVB, linavyopanga makundi yake. Olimpiki ya Paris 2024 ilipangwa kwa mtindo huu. Mimi binafsi nilikuwa upande wa pointi kwanza. Nimeshindwa, na nitausimamia huu.

Kuhusu ushindi wa mezani: timu isiyofika ndani ya dakika 15 baada ya muda uliopangwa inapoteza 3-0, kila seti 25-0, na mpinzani anapewa pointi 3. Zile alama 75 zitauumiza uwiano wako mpaka mwisho wa msimu, basi msije na wachezaji watano mkisubiri wa sita yuko kwenye bodaboda.

Timu ikipungukiwa katikati ya mchezo ni habari nyingine. Tuseme unaongoza seti 2-0, na ya tatu uko mbele 18-14, mchezaji anaumia na benchi huna mtu. Mpinzani anapewa alama na seti zinazobaki ili ashinde, wewe unabaki na zako. Karatasi itaandikwa 25-18, 25-0 na 15-0, matokeo 3-2, nawe unapata pointi 1.

Ndiyo maana alama za kila seti ziandikwe zote. Mwaka jana nililetewa karatasi zenye "3-1" tu na sahihi mbili. Safari hii karatasi ya namna hiyo nitairudisha, na mechi haitaingia kwenye msimamo mpaka ikamilike. Manahodha wasome kabla ya kusaini. Malalamiko ya hesabu yaletwe kwangu kwa maandishi ndani ya saa 48.

Kila klabu ilete mwandishi wake wa alama kwenye mafunzo Jumamosi tarehe 14 Machi, saa 4:00 asubuhi, hapo hapo uwanjani. Tutamaliza kabla ya saa 6:00 ili waliofunga wakapumzike. Aje na kalamu na kikokotoo. Cha simu kinatosha.

Katibu wa Ligi

Nakala:
Mwenyekiti wa Kamati ya Ligi
Mratibu wa Waamuzi