Makala 27, masahihisho 9: hesabu ya mwaka 2024

Ndugu wasomaji, mwezi Januari niliahidi makala 48. Nimeandika 27. Naanza na hilo ili anayeisoma hesabu hii alijue tangu mwanzo.

Kati ya hizo 27, 11 zilihusu korosho, 8 historia ya Kusini, 5 barabara na safari, na 3 vyakula vya kwetu. Barua na ujumbe mlionitumia ni 214. Masahihisho ni 9. Nimeyahesabu yote, kwa sababu mwaka huu yamenifunza kuliko namba nyingine yoyote.

Nitawasimulia lile kubwa.

Septemba, kabla msimu haujafunguliwa, niliandika kuhusu makato ya korosho. Mkulima wa Tandahimba au Newala anaelewa vizuri kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kupeleka gunia chama cha msingi. Bei ya mnada anaisikia siku hiyohiyo, maana kijiji kizima kinaitaja. Lakini fedha ikiingia benki inakuwa pungufu ya alichokipiga kichwani, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna fedha ya chama cha msingi na chama kikuu, kuna ghala, kuna usafirishaji. Makato hayo yana maelezo yake, ila anayekaa na mkulima na kumsomea mstari kwa mstari ni nadra kumpata. Nilitaka kuifanya kazi hiyo kwa lugha ya barazani.

Nilitoa mfano wa mkulima mwenye kilo 480, nikaweka makato ya kufikirika ya shilingi 230 kwa kilo ili hesabu iwe nyepesi kufuatilia. Jibu lake ni shilingi 110,400. Mimi niliandika 101,400. Nilibadilisha nafasi za tarakimu mbili, sikurudia kuzidisha, nikaridhika.

Ingebaki kwenye simu ningeirekebisha kwa dakika moja. Lakini nilikuwa nimeshatoa nakala 300 kwa shilingi 100 kila moja, na vijana wawili walinisaidia kuzibandika kwenye mbao za matangazo na milango ya maduka katika vijiji 17, kutoka Nanyamba hadi Newala. Siku ya nne nikapigiwa simu na mama mmoja wa Newala. Hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, nimezidisha mara tatu, na mjukuu wangu kazidisha. Inakuja laki moja na kumi. Sasa hiyo elfu tisa kaichukua nani?"

Swali lake lilinikaa. Karatasi niliyoiandika ili kupunguza shaka ilikuwa imeongeza shaka ya shilingi 9,000, na ya kuzua tu. Mtu akishaona hesabu haikubali kwenye karatasi ya maelezo, atawezaje kuamini hesabu ya chama chake? Nilipanda gari asubuhi iliyofuata. Siku tatu nilizunguka vijiji vyote 17 na kalamu nyekundu, nikifuta na kuandika upya, na kila nilipomkuta mtu nilimweleza kwamba kosa ni langu na si la chama. Kijiji kimoja walikuwa wameshaitoa karatasi ukutani na kuihifadhi. Mzee aliiomba namba sahihi, akaiandika mwenyewe kwa mkono wake.

Tangu siku hiyo makala yenye namba haitoki hadi mtu wa pili aipige hesabu upya bila kuona jibu langu. Kwa sasa kazi hiyo anaifanya binamu yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi na hesabu kwake ni riziki. Ameshanikamata mara mbili.

Masahihisho mengine yalikuwa madogo kwa ukubwa, ila si kwa uzito. Niliandika kwamba reli ya Nachingwea ilijengwa na Wajerumani. Mwalimu mstaafu akaniandikia ukurasa mzima kunirudisha kwenye mstari: ile ni reli ya Waingereza, ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, mpango uliokufa 1951 baada ya kumeza fedha nyingi na kuvuna kidogo mno. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara nayo ni mtoto wa mpango huohuo. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Mwalimu huyo alikuwa mtoto wakati treni zinapita, na nilikuwa nimemnyang'anya kumbukumbu yake nikawapa watu walioondoka miaka 30 kabla.

Makala iliyosomwa zaidi ni ya Tendaguru: ilifunguliwa mara 4,130. Naelewa kwa nini. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ilichimbwa kwenye kilima kile cha Lindi, na mifupa ya mmoja wao imesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lakini nilipoisoma tena mwezi uliopita niliona nimetumia aya sita kwa wataalamu wa Kijerumani na aya moja kwa mamia ya watu wa Kusini waliochimba, na waliobeba mizigo ile kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi pwani ya Lindi. Hakuna aliyeniandikia kulalamika. Nimeihesabu miongoni mwa yale 9 kwa sababu kosa hilo naliona mwenyewe. Nitaiandika upya, na safari hii itaanzia kwenye njia ya wapagazi.

Makala ya makato, kwa kulinganisha, ilifunguliwa mara 382 tu. Zamani ningeihesabu kuwa imeanguka. Lakini kati ya barua 214 za mwaka mzima, 71 ziliihusu hiyo moja, na nyingi zilikuwa na picha ya stakabadhi na swali la kweli: mstari huu ni wa nini? Mmoja aliuliza kama ni afadhali auze kwa kangomba apate fedha leoleo. Nilimjibu kama ninavyoamini: anayekupimia kwa bakuli uani kwako usiku, bei anapanga yeye na kipimo ni chake, na ukipunjwa huna karatasi ya kumshikia. Najua shida inayomsukuma mtu huko, ada za shule hazingoji mnada. Bado jibu langu ni lilelile.

Mwezi wa Mei nilikosea kwa namna nyingine. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa mwezi, juu ya mvua ambazo tayari zilikuwa nyingi, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Magari yalikwama, bidhaa zikapanda bei huku kwetu, kila mtu alikuwa na ndugu njiani. Nikapokea ujumbe kwamba daraja jingine nalo limekwenda na maji, nikausambaza kabla ya kumpigia mtu yeyote. Haikuwa kweli. Dada mmoja aliyekuwa Lindi na mgonjwa aliahirisha safari siku mbili kwa sababu ya maneno yangu. Nimemwomba radhi kwa simu na namwomba tena hapa. Sasa habari ya barabara naiandika nikishaongea na watu wawili walio mahali penyewe, si waliosikia.

Na kuna picha niliyoiondoa. Nilimpiga picha mama mmoja akiwa anabangua korosho, mikono imeungua kwa mafuta ya ganda, uso umechoka. Ilikuwa picha nzuri machoni pangu. Mwanawe aliiona, akauliza mama yake amekubali lini. Hakukubali; sikumwomba. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari, nikakaa, tukazungumza. Alisema hana ugomvi, ila siku ile alikuwa na msiba na asingependa kuonekana vile. Nikaelewa kwamba uchovu niliouona haukuwa wa kazi.

Fedha sasa. Bando la intaneti limekula shilingi 240,000, nauli 186,000, nakala na karatasi 64,500. Jumla 490,500. Wasomaji 11 walituma mchango wa jumla ya 150,000, na nawashukuru kwa dhati. Zilizobaki, 340,500, zimetoka mfukoni mwangu, kwenye korosho za shamba la marehemu baba. Sitaweka matangazo. Kuna mfanyabiashara wa viuatilifu aliyetaka nimtajie bidhaa yake katika makala ya ubwiriunga, kwa malipo. Nilikataa kwa sababu anayesoma pale anataka kujua apulize salfa wakati gani na kwa nini, na akiona nimelipwa hataweza kupambanua ushauri na biashara. Kwa masuala ya dawa nitaendelea kuwaelekeza kwa bwana shamba na watafiti wa Naliendele, ambao kazi yao ni hiyo.

Kwa nini 27 na si 48? Oktoba na Novemba nilikuwa shambani kama wengine, na mwezi Julai mama aliugua. Lakini hata bila hayo, makala moja kila wiki ilikuwa inanifanya niandike nisichokichunguza. Ukiangalia tarehe, masahihisho 7 kati ya 9 yametokea kwenye makala nilizoandika kwa siku moja.

Kwa hiyo 2025 naahidi makala 24, mbili kwa mwezi. Karatasi ya makato itatoka tena Agosti, ikiwa imepigiwa hesabu na watu wawili, na kwa herufi kubwa zaidi kama wazee wa Nanyamba walivyoomba. Kila makala itakuwa na sehemu ya masahihisho chini yake, yenye tarehe, badala ya kubadilisha maneno kimyakimya kama nilivyofanya mara tatu mwaka huu. Picha ya mtu haitatumika bila yeye kuiona kwanza.

Na kuna kazi moja ninayoitamani kuliko zote: maji ya Makonde. Walio chini ya miaka 40 wamekua wakisikia tu kwamba bibi zetu walishuka uwanda wa juu alfajiri, wakachota bondeni na kupanda mlima na mtungi kichwani, na kwamba bomba la kutoka Kitangari lilipofika watu walisherehekea. Waliotembea njia ile wanapungua kila mwaka. Nimeshapata wanne walio tayari kuongea, mmoja wao ni yule mama wa Newala aliyenipigia hesabu. Amesema nifike katikati ya Januari, baada ya palizi, na nije na viatu vya kutembelea kwa sababu njia yenyewe atanionyesha kwa miguu.

Mikindani, 29 Desemba 2024