Mgongo huu ni wa mwanafunzi wa darasa la kwanza

Ndiyo, wangu. Nimeuzaa, nimeubeba kwa kitenge, nimeupaka mafuta miaka yote hii, na siku ile nimeusindikiza shuleni. Mnaouliza sura iko wapi, sura ipo. Muda huu inakula uji jikoni na imejipaka hadi puani.

Niwaeleze picha yenyewe, maana nawajua, wengine mmeshaanza kuikuza kwa vidole viwili. Koti la mvua la njano limemfika magotini kwa sababu ni la mwaka huu na mwaka kesho, na Mungu akipenda mwaka keshokutwa. Miguuni ni gambuti. Viatu vyeusi vimo kwenye huo mfuko wa mkono wa kushoto, na soksi nyeupe nimezikunja ndani ya kiatu kimoja, kwani Januari ya Mbeya mnaijua: ukizivaa nyumbani, zinafika shuleni rangi ya njia. Pembeni ni mahindi yangu, yamempita kiuno. Kule juu si kamera mbovu, ni Loleza kajifunika wingu kama kawaida yake asubuhi. Mlima huo unaonekana mji mzima, kwa hiyo nimeuacha. Geti la jirani, nguzo yenye namba na kibao cha duka nimevikata vyote.

Wa kike au wa kiume? Hapo Kiswahili kimenibeba. Ni mwanangu.

Sasa mnajua kazi yangu, ni fundi cherehani. Tangu Novemba nashona sare za watoto wa watu, tetroni ya bluu hadi usingizini naiona. Na fundi wa sare ana ujuzi mmoja ambao hakuomba: nikionyeshwa mtoto kwa sekunde 2, nataja shule yake. Shati jeupe na bluu chini hazisemi kitu, shule nyingi za serikali ndizo hizo. Linalosema ni sweta. Rangi yake, michirizi ya shingoni, nembo ya kifuani. Ukiwa na sweta unajua geti ambalo mtoto huyo anaingia kila asubuhi na saa anayotoka. Ukiongeza jina ambalo mama kaliandika chini ya picha kwa mapenzi, na umri, na "kifungua mimba wangu", basi mtu asiyekufahamu ana maneno ya kutosha kumwita mtoto wako pembeni na kumwambia "mama kanituma".

Ndiyo maana vifungo vyote vya koti vimefungwa hadi kidevuni. Mvua yenyewe, nikiri, ilikuwa manyunyu tu.

Sizungumzi kwa kusikia. Mwaka juzi niliweka picha ya sikukuu yake ya kuzaliwa, keki, jina kwenye keki, kila kitu. Siku chache baadaye tumo kwenye daladala, mama mmoja wa kiti cha nyuma akamwita kwa jina, akamuuliza keki ilikuwa tamu? Mwanangu akafurahi, akamjibu, akamhadithia hadi rangi ya puto. Mimi huyo mama simjui. Alikuwa mtu mwema, aliiona picha kwa rafiki wa rafiki, alishuka kituo chake na kutuaga vizuri. Hakuna baya lililotokea. Ila nilishuka nikiwa na jasho la viganja, kwa sababu mtoto wangu aliamini kwamba anayejua jina lake ni mtu wa kwao. Na nani alimfundisha? Mimi, kwa kidole changu.

Usiku ule nilikaa nikafuta picha moja moja. Nikaingia kwenye mipangilio ya kamera, nikazima mahali, kwani simu ikiachwa hivyo hivyo picha inaweza kubeba ndani yake sehemu ilipopigwa. Hilo alinionyesha kijana wa kutengeneza simu. Na picha mnayoiona ni ya siku ile, si ya leo. Nimeisubirisha makusudi.

Baba yake ndiye alinipa kazi. Siku ya kwanza alikuwa na lori Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka, na mjuavyo foleni ile haina huruma na mzazi. Nikampigia picha yenye sura, kicheko chote, na pengo la meno mawili ya mbele, nikamtumia peke yake. Robo saa haijaisha, shemeji yangu ananipigia: "Shemeji, hongera, tumemwona mwanafunzi!" Mmemwona wapi? Kumbe mume wangu kaitupia stetasi ya WhatsApp, na jina kamili, na jina la shule, na mioyo mitano. Nikampigia.

"Mama, mtoto ni wangu, nimejivunia," akasema.

"Najua, baba. Wangapi wameiona?"

Akanyamaza, akahesabu. "Kumi na moja."

"Na wote unawajua?"

"Mmoja aliniuzia tairi Mbozi."

Akaifuta mwenyewe bila kugombana. Nampenda kwa hilo. Ile picha yenye sura imesafishwa, nakala 2: moja kwenye albamu yetu, nyingine kwa bibi yake Tukuyu. Bibi huyo ndiye mtu pekee ambaye sikuhitaji kumweleza. Nilipomwambia sura ya mjukuu haipandi mtandaoni, akasema wao walikuwa hawatoi mtoto mchanga nje ovyo, leo ninyi mnawatoa hadi kwa watu wa Ulaya, halafu akarudi kumenya ndizi zake. Nikamwambia na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za watoto imezihesabu miongoni mwa zile nyeti. Akauliza, "Hadi serikali imegundua?" Ndaga, mama.

Mimi mwenyewe sina picha ya siku yangu ya kwanza. Nina kumbukumbu. Nilipelekwa Rungwe, mvua hii hii, nimeshika fagio la nyumbani na dumu dogo la maji. Mwalimu akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Halikufikika. Nikainamisha shingo kidogo, nikaligusa kwa ncha ya kidole, mwalimu akacheka akaniandika. Kwa hiyo elimu yangu niliianza kwa udanganyifu wa sentimita 2. Huyu wa kwangu hakuulizwa sikio, aliulizwa cheti cha kuzaliwa. Ada hakuna, serikali imeshaiondoa, lakini daftari, sare, viatu na koti la njano havijaondolewa, mnisamehe kwa kulitaja. Na wao watamaliza msingi kwa miaka 6 kwa mfumo huu mpya, sisi tulikaa 7. Nimepiga hesabu ya fundi: sare zake nimeziachia pindo la inchi 3 chini. Litashushwa kila Januari mpaka liishe.

Jina lake nimelitia pia, msidhani nimelinyima nafasi. Nimelidarizi ndani ya ukosi, upande unaogusa shingo, ambako mwalimu analiona akigeuza na mpita njia halioni. Mfuko wa madaftari vilevile, jina liko ndani chini ya zipu. Kwa nje nimeweka mishono mitatu ya uzi mwekundu kwenye mkono wa sweta, ili lisipotee katikati ya masweta 80 yanayofanana. Yeye anaijua mishono hiyo. Tena tuna neno letu. Atakayemwambia katumwa na mama aulizwe neno, na akikosa, mwanangu arudi mbio kwa mwalimu. Tumelifanyia mazoezi wiki nzima, akimkatalia hadi baba yake mlangoni. Baba mtu alisimama nje na samaki wake wa Kyela dakika 5 nzima akibahatisha.

Kabla sijaweka picha hii nilimuuliza mwenyewe. Nilimwonyesha tatu. Ya kwanza akasema gambuti halionekani. Ya pili akasema "hapo natembea kama bata". Hii akaikubali kwa sababu mfuko unaonekana mkubwa. Hajui maana ya mtandao, lakini anajua picha yake ni ipi na ya kuonyeshwa watu ni ipi, na jibu lake lingekuwa hapana ningewaandikieni maneno matupu.

Basi ndugu zangu, mama wadogo, wajomba, mashoga wa kikoba na wateja wangu: mpongezeni kadiri mnavyotaka, mwiteni Profesa, mwiteni Mgongo, mwiteni Koti la Njano. Jina msiliandike hapa chini, na shule msiitaje hata kama mtoto wenu anasoma humo humo. Mwenye picha ya siku ile getini, ambapo wangu kaonekana nyuma ya wa kwenu, naomba anitumie mimi kwanza. Nitakayeona kanisahau nitampigia simu, sitamwandikia, na mnajua nikipiga simu huwa sikati upesi.

Mnaotaka kujua alilia? Hakulia. Alibadilisha viatu mwenyewe kwenye ngazi za darasa, akavaa cha kulia kushoto, akanikabidhi gambuti zote mbili zikichuruzika tope, akaniambia "Haya mama, nenda sasa, mwalimu atadhani na wewe unasoma." Nikaondoka. Nilifika dukani nikashona mkono wa shati ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje.

Mchana aliporudi hakutaka chakula. Alichukua chaki yangu ya kukatia, akatandika mezani kipande cha tetroni ya bluu nilichokuwa nimekipima, akaandika jina lake. Herufi zote zipo. Moja imetazama nyuma, nyingine imepanda juu ya mwenzake kwa kukosa nafasi. Nilinyoosha mkono kwenye simu nipige picha niwaonyeshe, nikairudisha mfukoni.

Kitambaa hicho ni cha mteja. Chaki inatoka kwa brashi mara mbili tu. Nimempigia kumwomba aniongezee siku mbili.