Lenzi mbili zenye pengo kati yake: swali na utatuzi wake, Fizikia Kidato cha Tano, Mbeya

Swali. Mshale wenye kimo cha sm 1.5 umetobolewa kwenye kipande cha boksi na kumulikwa kwa tochi. Umesimama sm 30 mbele ya lenzi A, ambayo hukusanya mwanga na ina umbali wa fokasi wa sm 20. Sm 40 nyuma ya A ipo lenzi B, inayotawanya mwanga, yenye umbali wa fokasi wa sm 30. Taswira ya mwisho iko wapi, na ina kimo gani?

Wanangu, kabla ya kushika kalamu, hakikisheni lenzi A kwa macho yenu. Simama ndani, mbali kidogo na dirisha la maabara, uelekeze lenzi kwenye Mlima Loleza, kisha sogeza karatasi nyuma yake. Mlima uko mbali mno, kwa hiyo miale yake hufika karibu sambamba, na taswira yake hukaa kwenye fokasi. Ikitulia sm 20 kutoka kwenye lenzi, A ni ile tunayoitaka. Lenzi B hamwezi kuipima hivyo, kwa kuwa peke yake haitupi taswira ya mlima kwenye karatasi.

Kanuni yetu ni 1/f = 1/u + 1/v. Umbali wa kitu au taswira halisi ni chanya, wa isiyo halisi ni hasi. Fokasi ya A ni +20, ya B ni −30.

Anza na A peke yake, kana kwamba B haipo mezani.

1/v = 1/20 − 1/30 = 1/60, hivyo v = 60.

Taswira ya kwanza ingeundwa sm 60 nyuma ya A. Lakini B iko sm 40 tu kutoka A, maana yake miale inakutana na B kabla haijakutana yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakidhani swali lina kosa. Halina. Sehemu ambayo miale ilikuwa inaelekea kukutana iko sm 60 − 40 = 20 ng'ambo ya B. Hiyo ndiyo kitu cha lenzi B: kitu kisicho halisi, kwa sababu mwanga unaoingia B hautoki hapo, unaelekea hapo. Basi u = −20. Alama hiyo ya hasi ndiyo roho ya swali zima; ukiandika +20, kila kinachofuata kitakuwa kibaya hata kama hesabu zako ni safi.

Kwa B: 1/v = 1/f − 1/u = −1/30 + 1/20 = 1/60, hivyo v = +60.

Taswira ya mwisho ni halisi, sm 60 nyuma ya B. Kutoka kwenye mshale hadi karatasi ni 30 + 40 + 60 = sm 130, kwa hiyo rula moja ya mita haitoshi; unganisheni mbili.

Kimo: ukuzaji ni −v/u. Kwa A ni −60/30 = −2. Kwa B ni −60/(−20) = +3. Zidisha, usijumlishe: −6. Mshale utaonekana wenye sm 9, kichwa chini.

Hakiki kwa kugeuza safari ya mwanga. Weka kitu sm 60 upande ule wa karatasi: B inatoa 1/v = −1/30 − 1/60 = −1/20, taswira isiyo halisi upande uleule, sm 20 kutoka B, yaani sm 60 kutoka A. Kisha A inatoa 1/v = 1/20 − 1/60 = 1/30. Tumerudi sm 30, pale mshale ulipo.

Kuna njia ya mkato inayowavutia wengi: 1/F = 1/f₁ + 1/f₂ − d/(f₁f₂). Hapa inatoa F = 12, na ukiweka u = 30 unapata v = 20, wakati karatasi inasema 60. Kanuni yenyewe ni sahihi, ila umbali wake haupimwi kutoka kwenye lenzi A wala B. Kwa swali la namna hii, nendeni lenzi moja moja.

Sasa sogezeni B hadi pengo liwe sm 90. Taswira ya kwanza inaundwa kweli, sm 30 mbele ya B, hivyo u = +30, na 1/v = −1/30 − 1/30, yaani v = −15. Karatasi haitapata kitu. Lazima jicho litazame kupitia B.

Kwa kipindi cha Alhamisi: fanyeni pengo la sm 30, mniambie miale inatokaje kwenye B na kwa nini karatasi haina pa kusimama.