Ankara Na. 14/2025: mwongozo wa pampu ya sola, vyeti na stika

Kutoka: Mwanaidi, mtafsiri, Kiingereza–Kiswahili, Dar es Salaam
Kwa: Dada Neema, ofisi ya miradi, Mikocheni
Tarehe: 6 Oktoba 2025
Kulipa mwisho: Jumatatu 20 Oktoba 2025

Dada Neema habari za kazi, ankara ndo hii, nimeandika na maelezo kila mahali maana najua mhasibu wenu atauliza, bora aulize karatasi kuliko kunipigia mimi saa 4 usiku kama mara ile.

1. Mwongozo wa pampu ya maji ya sola. Maneno 4,860 kwenye Word, nimehesabu ya Kiingereza kama tulivyokubaliana, sio ya Kiswahili. Nakumbusha tu kwa sababu bosi wako alihesabu Kiswahili akaona maneno yamepungua akadhani nimeruka kitu. Sijaruka. "I did not tell them" ni maneno matano, kwetu ni "sikuwaambia", moja, ndo lugha yetu ilivyo. Sasa humo ndani yale maonyo ya umeme yamejirudia kila sura, maneno 640, hayo nimechaji nusu bei.
4,220 x 120 = 506,400
640 x 60 = 38,400

2. Vyeti vya yule fundi mgeni, cha kuzaliwa na cha ndoa, jumla kurasa 3. Hivi naenda kwa ukurasa sio kwa neno, maana ni picha za simu, mhuri juu ya maandishi, mwandiko wa karani haueleweki, na jedwali inabidi ulichore upya. Mhuri wa wakili mmeulipia wenyewe, haumo humu.
3 x 25,000 = 75,000

3. Stika ya kubandika kwenye tenki. Maneno 38. Kwa hesabu ya neno ingekuwa 4,560 ila bei yangu ya chini kwa kazi yoyote ni 30,000, ipo kwenye makubaliano ya Agosti. Kufungua faili, kusoma, kuuliza, kurudisha, kazi ni ile ile hata yangekuwa maneno 5.
30,000

4. Sura ya matengenezo, HARAKA. Imeili imeingia Ijumaa 26 Septemba saa 11:40 jioni, mnataka Jumatatu saa 2 asubuhi, na kweli mliipata saa 1 na nusu. Maneno 1,240. Nyongeza ya haraka ni asilimia 50 kwa kazi inayokula wikendi au chini ya saa 24, na nilikuuliza watsapu kabla sijaanza ukajibu "sawa endelea".
1,240 x 120 = 148,800
nyongeza 50% = 74,400

5. Marekebisho. Raundi mbili za kwanza bure, hazimo. Makosa yangu mwenyewe bure siku zote, yale mawili ya ukurasa wa 9 nimeshayarekebisha na samahani. Raundi ya tatu ndo ya kulipia: bosi alishapitisha "koki" kwenye raundi ya pili, akarudi anataka "valvu" kote, sehemu 23 pamoja na maandishi ya kwenye michoro, saa 2 kwa 25,000. Na aya mpya mlizoongeza, maneno 310, hayo sio marekebisho ni kazi mpya.
2 x 25,000 = 50,000
310 x 120 = 37,200

Ile ya saa sijachaji ila jamani msiiguse tena. Kiingereza kinasema pampu isiwashwe kabla ya 7:00 am, mimi nimeandika saa 1 asubuhi, mtu kwenu kaibadili ikawa "saa 7 asubuhi". Mwanakijiji akisoma hiyo si atakaa na ndoo mpaka mchana? Nimeirudisha saa 1.

Jumla: TSh 960,200
Toa malipo ya awali (yalifika yote bila makato): 300,000
Baki: 660,200
Toa kodi ya zuio 5% ya jumla yote: 48,010
KINACHOTAKIWA KUNIFIKIA: TSh 612,190

Kodi ya ongezeko la thamani haipo, sijasajiliwa. Hiyo ya zuio mkishaipeleka TRA naomba cheti chake, kile cha mwaka jana mpaka leo sijakiona.

Lipa benki akaunti ile ile ya malipo ya awali, au M-Pesa namba unayonipigia kila siku, gharama za kutuma ni zenu. Ikipita tarehe 20 ni nyongeza ya 2% kwa kila wiki. Raundi ya nne ikija kabla hii haijalipwa ntaipokea ila ntaifungua hela ikiingia, usinielewe vibaya dada, mwenye nyumba nae ana ankara yake.

Mwanaidi