Kuwasha upya king'amuzi cha Bibi kilichoganda

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

King'amuzi cha kwa Bibi kimeganda: picha imesimama na rimoti haisikii. Aliye naye amfuatishie hatua hizi kwa mpangilio. Taarifa ya habari ni saa 2 usiku, ataiwahi.

1. Acheni kubonyeza rimoti ovyo. Kama skrini inaonyesha asilimia zinapanda, kinapakua programu mpya: MSIKIGUSE mpaka kimalize. Umeme ukikatwa hapo katikati kinaweza kisiwake tena.

2. Zimeni swichi ya ukutani, kisha chomoeni plagi ya king'amuzi (ya TV iacheni). Kile kitufe chekundu cha rimoti hakitoshi. Kinakilaza tu, umeme unaendelea kuingia na kilichokwama ndani kinabaki palepale.

3. Hesabuni 60 polepole. Ndani hubaki umeme kidogo, na mkiwahi kuurudisha kinaweza kuamka kikiwa kimeganda vilevile. Wakati mnasubiri, tafadhali toeni kile kitambaa cha mapambo kilichowekwa juu yake. Bibi anakipenda, najua, lakini kinaziba matundu ya hewa, na joto hugandisha ving'amuzi. Kitambaa kihamie mezani.

4. Chomoeni kadi, mpanguse ile sehemu ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, mrudishe upande uleule ilivyotoka. Maji hapana, mate hapana.

5. Kazeni kwa vidole waya wa dishi nyuma ya king'amuzi.

6. Rudisheni plagi, washeni, subirini hadi dakika 5. Skrini kuwa nyeusi mwanzoni ni kawaida, msizime tena.

7. TV ikiandika "No Signal", shikeni rimoti ya TV, bonyezeni SOURCE, chagueni HDMI 1, kisha OK. Waya umechomekwa hapo.

8. Sasa rimoti ya king'amuzi: EXIT mara moja, halafu 2, 0, 5 mfululizo. Bibi huwa anasita baada ya 2 akiitafuta 0, na king'amuzi kinadhani anataka chaneli namba 2. Mama mdogo, mwonyeshe 0 ilipo kabla hajaanza.

Namba zisipoingia, elekezeni ncha ya rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na mbonyeze kitufe chochote. Mkiona kataa kanamulika kwenye skrini ya simu, rimoti ni nzima. Msipokaona, badilisheni betri zote mbili kwa pamoja.

Ukitokea ujumbe wenye namba ya hitilafu, pigeni picha mniwekee hapa kabla ya kubonyeza chochote. Kikiganda tena usiku huu na mkikigusa kina joto kali, chomoeni, kipoe nusu saa, ndipo mrudie kuanzia hatua ya 6.