Waraka kwa Wanachama: Uchangiaji wa Gharama na Vipindi vya Kusubiri

Mfuko wa Matibabu wa Wanachama wa Ushirika
Moshi, Kilimanjaro

Kumb. Na. MMW/WRK/03/2025
12 Mei 2025

Kwa: Wanachama wote na wategemezi wao

YAH: UCHANGIAJI WA GHARAMA NA VIPINDI VYA KUSUBIRI KUANZIA 1 JULAI 2025

Ndugu Mwanachama,

Mkutano Mkuu wa mwezi Machi uliridhia taratibu mbili mpya zitakazoanza pamoja na mwaka mpya wa Mfuko, tarehe 1 Julai. Tangu hapo maswali yamekuwa mengi, na baadhi ya majibu yanayozunguka vijiweni si sahihi. Tunaomba usome waraka huu hadi mwisho, na kama nyumbani yupo mzee asiyeona vizuri, msomee.

Uchangiaji wa gharama

Mchango wako wa mwaka haubadiliki. Kinachoongezeka ni kwamba, ukitibiwa katika ngazi fulani, sehemu ndogo ya bili utailipa wewe mwenyewe dirishani, na Mfuko utalipa iliyobaki.

Katika zahanati na kituo cha afya hutalipa chochote. Hospitali ya wilaya au ya mkoa utachangia asilimia 10 ya bili. Ukienda hospitali ya rufaa ukiwa na barua ya rufaa, ni asilimia 10 vilevile. Ukienda bila barua, ni asilimia 20. Tofauti hiyo imewekwa makusudi. Mafua na malaria isiyo kali hutibika vizuri kijijini, na kila mgonjwa wa namna hiyo anayepanda moja kwa moja rufaa huchota fedha ambazo mwenzake atazihitaji kwa upasuaji.

Chukua mfano wa mama aliyempeleka kijana wake hospitali ya wilaya. Kumwona daktari ni Sh 10,000, vipimo vya damu na mkojo Sh 18,000, dawa Sh 22,000. Jumla ni Sh 50,000. Dirishani atalipa Sh 5,000 na kupewa risiti yenye namba ya kadi yake. Sh 45,000 zilizobaki hospitali itaudai Mfuko.

Dai risiti hiyo kila mara, hata kwa elfu moja. Uchangiaji una kikomo: familia moja haitachangia zaidi ya Sh 120,000 kwa mwaka, haidhuru wamelazwa wangapi, na risiti ndizo zinazotuonyesha umefikia wapi. Tuseme baba alilazwa mwezi wa nane, bili ikawa Sh 620,000, akachangia Sh 62,000. Mwezi wa kwanza mkewe akafanyiwa upasuaji wa Sh 1,800,000. Asilimia 10 yake ni Sh 180,000, lakini familia ilikuwa imebakiza Sh 58,000 tu kufikia kikomo, kwa hiyo watalipa hizo 58,000 na baada ya hapo hawachangii tena hadi Juni iishe. Anayelipishwa zaidi ya kikomo alete risiti ofisini arudishiwe.

Wapo wasiochangia kabisa: watoto chini ya miaka 5, mama anayejifungua, na mgonjwa wa dharura anayehitaji kuokolewa maisha. Dawa za kila mwezi za shinikizo la damu na kisukari nazo hazichangiwi. Hili Bodi ililisimamia kwa nguvu. Mtu anayeruka dozi kwa kukosa elfu tatu anaweza kurudi amepooza upande mmoja, na hakuna fedha inayorudisha mkono uliopooza.

Tunaomba pia jambo hili lieleweke: uchangiaji si sababu ya kukaa na mgonjwa nyumbani. Ukiwa huna fedha siku hiyo, mwone mwakilishi wa Mfuko wa kijiji chako. Atakuandikia hati ya dhamana, utatibiwa, na kiasi hicho kitakatwa kwenye malipo yako ya kahawa.

Vipindi vya kusubiri

Kipindi cha kusubiri ni muda ambao mwanachama mpya ameshalipa na ana kadi, lakini huduma fulani bado hazijafunguliwa kwake. Wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini walipe leo na kungoja kesho. Mfuko huu unaishi kwa michango ya watu wengi walio wazima wakati wachache wanaumwa. Watu wakijiunga siku waliyoambiwa wanahitaji upasuaji, wakatibiwa kisha wakaacha kulipa, bili zitawaangukia wale waliochangia miaka yote bila kuugua, na mchango wa mwaka utapanda hadi wengi washindwe.

Ajali na dharura hazina kusubiri. Kadi inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Matibabu ya kawaida na kulazwa hufunguliwa baada ya mwezi 1. Meno na miwani ni miezi 3. Ugonjwa sugu uliokuwepo kabla ya kujiunga, pamoja na upasuaji wa kupangwa, ni miezi 6. Kujifungua ni miezi 10.

Kwa hiyo atakayejiunga tarehe 1 Septemba 2025 akigongwa na bodaboda kesho yake, Mfuko unalipa. Akipata homa, atatumia kadi kuanzia 1 Oktoba. Kama ana kisukari cha siku nyingi, kliniki yake italipiwa kuanzia 1 Machi 2026, na gharama za kujifungua kuanzia 1 Julai 2026. Mtu mwenye ugonjwa sugu asiufiche kwenye fomu. Aliyeutaja atasubiri miezi 6 kisha ahudumiwe. Aliyeuficha anaweza kukataliwa bili akiwa tayari wodini.

Kusubiri kwa Mfuko hakugusi huduma ambazo Serikali inazitoa bila malipo. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI utaendelea kuzipata katika vituo vya umma kama kawaida.

Wewe uliye mwanachama leo husubiri upya, mradi usiache kadi ife. Hapa ndipo tunapowaona wengi wakiumia. Kadi zote zinaisha 30 Juni, wakati mavuno ya kahawa ndiyo kwanza yanaanza na mifuko ni mitupu. Kwa sababu hiyo tumeweka siku 30 za nyongeza, hadi 30 Julai. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo atoe nusu ndani ya muda huo na asaini fomu ya makato. Nusu ya pili itatoka kwenye malipo ya kahawa. Atakayepita 30 Julai bila kulipa wala kusaini atahesabiwa mwanachama mpya, na vipindi vyote vitaanza upya, hata kama mkewe ana mimba ya miezi minane.

Mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku 60 tangu kuzaliwa. Lete tangazo la kizazi kama cheti bado hakijatoka. Ukifanya hivyo hasubiri chochote.

Wawakilishi watapita vijijini kuanzia Jumatatu, 26 Mei, baada ya ibada za jioni na kwenye siku za gulio, wakiwa na fomu za makato. Ofisi ya Mfuko iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mwenye bili iliyokataliwa aje nayo pamoja na kadi, tuiangalie pamoja.

Wako katika ushirika,

Katibu wa Mfuko
Kwa niaba ya Bodi ya Wadhamini

Nakala: Wawakilishi wote wa vijiji, mbao za matangazo za vyama vya msingi