Barua kwa wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu

Ndugu zetu,

Mwenzenu ameanza dawa za kifua kikuu. Ugonjwa huu huenea kwa hewa, si kwa vyombo wala kushikana mikono, kwa hiyo tafadhali msimtenge.

Njooni nyote kliniki Jumanne saa mbili asubuhi, hata asiyekohoa: vimelea huweza kulala mwilini miaka mingi, kisha vikaamka. Tutawauliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mwenye dalili atapimwa makohozi. Atakayekutwa hana ugonjwa ataelezwa dawa za kinga, kwa wengi ni mara moja kwa wiki, miezi 3. Watoto chini ya miaka 5 msiwaache nyumbani. Wao huzidiwa upesi sana.

Muuguzi, Kliniki ya Kifua Kikuu